Matanga Bila Viti vya Honorabule

Kambo Henriette, mama yake baba yangu, aliniomba jambo moja kabla ya kufa. Aliniomba mimi kwa sababu ndimi niliyekuwa chumbani mchana ule, nikimpepea. Alikuwa amelala ubavu, uso ukutani.

"Mignonne," akasema, "siku nitakufa, batu basikuye kunililia pa biti bya Dimitri."

"Kambo, usiseme ya kufa."

"Mi nasema ya biti. Kufa iko kazi ya Mungu. Biti iko kazi yenu. Uape."

Nikaapa. Mara moja nikaanza kuogopa, maana mimi ni mtu wa sauti ndogo. Darasani kwangu watoto wa nyuma husogea mbele ili wanisikie, na nyumbani ninapoanza sentensi mtu mwingine huimaliza. Kambo alijua hayo yote. Bado alinishika kidole akakiminya, kama mtu anayefunga mzigo.

Kwenye avenyu yetu, mtaa wa pembeni mwa Kolwezi, malori ya mawe ya shaba hutupa vumbi kiangazi na matope masika, na hakuna aliyezikwa bila viti vile. Vilikuwa vya plastiki, vyeupe, na mgongoni vimeandikwa kwa rangi ya bluu jina la mbunge wetu: HON. DIMITRI, MUTOTO WENU. Viliandamana na turubai kubwa, sufuria mbili za kupikia umati, na pikapu ya kubeba sanduku. Vyote vilitunzwa na Tata Ruffin, jirani yetu, ambaye sisi sote tulimwita Prezida ingawa hakuna aliyewahi kumchagua.

Mtu akifa, mlikwenda kubisha kwa Prezida. Hakuuliza bei. Alivaa shati, akaja, akalia machozi ya kweli, akapanga viti kwa mikono yake. Halafu, wakati wanawake wanawasha moto, aliomba karte za uchaguzi, kadi za kupigia kura, za watu wazima wa nyumba na kuzipiga picha kwa simu. "Ni ya kumuonyesha Honorabule familia ilisaidiwa," alisema. Hakuna aliyekataa. Utamkataliaje mtu ambaye turubai lake limekwisha kufunika maiti wako?

Kura ni siri, kila mtu anajua, na Prezida alijua kuliko wote. Hakuhitaji kuona kidole cha mama yangu juu ya mashine ya kura. Ofisi ya kura ya avenyu yetu iko katika darasa la shule ya msingi, na baada ya kuhesabu, matokeo hubandikwa mlangoni. Prezida alisoma ule mlango. Mlango ukisema vizuri, pikapu inaendelea kuja. Ukisema vibaya, maiti anayefuata atatafutiwa mkokoteni. Kwa hiyo hatukuchungwa na Prezida, tulichungana wenyewe. Kabla ya kila uchaguzi utasikia mama akimwambia jirani yake kisimani: "Usituharibie, mwenzangu. Mi niko na muzazi mugonjwa ndani." Watu wa ng'ambo ya reli waliwahi kuharibu. Transfoma yao iliyoletwa kwa ngoma wiki ya kampeni iliondoka juu ya lori kabla wabunge hawajaapishwa, na mpaka leo wanapika gizani.

Sitaki kumfanya Prezida awe mbaya zaidi ya alivyokuwa. Mtoto wa shangazi yangu Mama Mbelu alipotupwa kachoni, mahabusu, kwa sababu ya pikipiki ambayo haikuwa na makaratasi, Prezida alipiga simu moja na kijana akatoka. Binamu yangu Gael alipata kupitia yeye karte ya koperative, ile inayomruhusu mchimbaji kupita kizuizi na kushuka shimoni. Mimi mwenyewe nilikuwa nafundisha mwaka wa tatu bila namba ya serikali, ile ya kulipiwa mshahara, nikiishi kwa michango ya wazazi wa wanafunzi, na faili langu lilikuwa mikononi mwa Prezida, likingoja maneno mawili kutoka kwa Honorabule. Ofisi zote nilizowahi kwenda ziliniambia nirudi kesho. Mlango wa Prezida ulikuwa wazi hata Jumapili. Watu waliompigia kura Dimitri hawakuwa wajinga. Walikuwa wanapiga kura ya mlango uliofunguka.

Na Dimitri hakuwa anatoa sadaka. Alikuwa na malori, na malori yalihitaji mikataba ya kubeba mawe, na mikataba humfikia haraka zaidi mtu mwenye kiti bungeni. Viti vya plastiki vilikuwa mbegu.

Kambo alikufa katikati ya kampeni, wakati mvua inanyesha kila alasiri. Mama Mbelu, mtoto wake wa kwanza, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya msiba. Nilimfuata jikoni.

"Mama Mbelu, Kambo alisema hataki bile biti."

"Alisema na nani?"

"Na mi."

"Na weye!" Akacheka huku analia. "Mama yangu aache batoto yake saba, aende kusema na weye ule hata kuku hakusikiaka? Mvua iko inakuya, Mignonne. Batu ya Kasaji na ya Mutshatsha biko mu njia. Utabakalisha wapi, pa kichwa yako?"

"Alinisema niape."

"Basi umeapa. Sasa fagia pale."

Nilifagia. Viti vikaja. Prezida alinipa mkono, akasema pole mtoto wangu, macho yake mekundu kweli, na akaongeza polepole: "Honorabule atafika mwenyewe siku ya kuzika. Itakuwa muzuri kwa faili yako pia, aone familia." Nikamshukuru. Nilimshukuru, halafu nikaenda nyuma ya nyumba, nikauma kitambaa.

Mkeka tu ndio nilioweza. Usiku na mchana wa matanga yale nilikaa chini, mgongo ukutani, na watu walipoleta kiti nilisema niko sawa. Walidhani ni huzuni.

Sasa, kuna jambo moja kwenye misiba yetu ambalo mgeni akiliona anaweza kukasirika. Mjukuu na babu au bibi yake ni wachekeshaji wao kwa wao, maisha yote. Kambo aliniita mke mwenza, nami nilimwita mchawi. Kifo hakimalizi mchezo huo. Siku ya kuzika, kabla sanduku halijatoka kwenye kiwanja, mjukuu mmoja huvaa nguo za marehemu, akachukua fimbo yake, akakohoa kama yeye, akatembea kama yeye, akaziba njia. Anasema lolote linalomjia. Anaweza kumwambia askofu kwamba ananuka. Siyo yeye anayesema. Ni marehemu anaaga. Anayetajwa hucheka, hutupa kitu kidogo, soda au noti iliyochakaa, na njia inafunguliwa. Kumkasirikia mjukuu siku hiyo ni kama kumpiga maiti kofi.

Kwetu mchezo huo ulikuwa wa Gael. Ana mdomo, ana kiuno, anaweza kuiga hata mbuzi. Lakini asubuhi ya kuzika nilimkuta ameketi nyuma ya choo, kofia ya Kambo mikononi, hajaivaa.

"Gael, sanduku linatoka sasa hivi."

"Prezida ameniita pembeni. Anasema leo hapana mchezo. Honorabule atakuwa na batu ya kamera."

"Na weye umesema nini?"

"Nitasema nini? Karte ya koperative ni yeye. Nikipoteza ile karte, muke yangu atakula kofia hii?" Akainyoosha kwangu. "Ipeleke ndani. Muifukie naye."

Niliichukua ili niipeleke ndani. Naapa hilo ndilo lilikuwa wazo langu. Kofia ilikuwa ya sufu, nyekundu, na ndani yake kulikuwa na harufu ya mafuta ya mawese na moshi. Kitenge chake cha kazi kilikuwa bado kwenye kamba. Fimbo ilikuwa mlangoni. Nilisimama pale nikisikia gari likizima injini mbele ya kiwanja, wimbo wa kampeni ukikatika katikati, na watu wakianza kusema "Amefika, amefika."

Honorabule Dimitri alikuwa mtu mnene, mpole wa sura, mwenye koti jeusi. Alikulia Lubumbashi, akaja kwetu akiwa na malori tayari. Alisimama karibu na sanduku, kijana wa kamera akatembea juu ya mkeka wa shangazi zangu kwa viatu.

"Mama Henriette," alisema, "alikuwa nguzo ya parti yetu. Mara ya mwisho niliongea naye aliniambia: mutoto wangu, endelea. Ninajua familia hii itaheshimu neno lake tarehe ya kura. Namba yangu munaijua." Vijana wake wakainua mabango madogo yenye namba hiyo ya kumpigia kura. "Nimeleta mifuko ya unga. Biti na turubai, mubaki nabyo mpaka matanga iishe. Mimi siko mutu wa kusahau."

Watu wakapiga makofi, makofi ya watu waliokaa kwenye viti vya mtu. Mama Mbelu akapiga magoti kushukuru. Wabebaji wakainama kushika sanduku.

Nikakohoa.

Kambo alikuwa na kikohozi cha sehemu mbili, kifupi halafu kirefu, halafu anabana ulimi. Kilitoka kwangu hivyo hivyo, sijui kutoka wapi, na kiwanja kizima kikageuka. Nilikuwa nimevaa kofia, kitenge, na nilikuwa nimesimama katikati ya njia, fimbo mbele yangu, mgongo umepinda.

"Ee Mungu," mwanamke mmoja akasema. "Ni Mignonne!"

"Mignonne ni nani?" nikasema kwa sauti ya Kambo, na ile sauti haikuwa ndogo. "Mi niko Henriette. Nani anataka kunibeba bila kuniomba ruhusa? Muniweke chini. Muna haraka, muliacha nyama pa moto?"

Kicheko kikapasuka. Hata wabebaji. Wazee wakaegemea mbele. Mchezo umeanza, ndivyo inavyotakiwa. Nikatembea mpaka mbele ya Honorabule, nikaweka kiganja juu ya macho kumtazama.

"Dimitri! Mutoto wangu! Umekuya? Ngoja nikuone. Siku ya kwanza ulikuya mwembamba kama muti ya bendera. Sasa tumbo inafika mbele, weye unafuata nyuma."

Alicheka. Nampa haki yake, mwanzoni alicheka.

"Nakushukuru kwa biti. Bwana yangu alikufa, nikabikalia siku tatu. Nikabipigia kura miaka mitano. Nikafikiri bimeisha. Ukarudi, ukaniambia Mama, unakumbuka bile biti? Nikabipigia tena mitano. Dimitri, kiti gani hii, mutu akisimama ndiyo inaanza kumulemea?"

Waliocheka sasa walicheka wakiziba midomo. Honorabule akamtazama Prezida. Prezida akatazama kamera, ambayo bado ilikuwa inarekodi.

"Sasa mi niko mufu. Uniambie, bafu banapigaka kura kwa ofisi gani? Sababu nasikia ungali unanihesabu."

"Kambo, pumzika sasa," Prezida akasema kwa upole, akinyoosha noti. Alijua desturi. Alikuwa ananipa njia ya kumaliza. Ningeweza kuipokea ile noti, nikarudi kuwa mimi, na sanduku likatoka kwa pikapu. Nikahisi kidole cha Kambo kikiminya changu.

"Ngoja, Ruffin, namuaga mutoto. Dimitri, mi nilipanga mustari pa bomba ya maji miaka kumi, sikukuona. Nililala hospitali, tukiwa babili pa kitanda moja, sikukuona. Mujukulu yangu anafundisha batoto bila mushahara, hukupita. Nakufa, huyu hapa, umefika kabla ya padiri! Uko unapenda bafu kupita bazima, mutoto wangu. Tukiwa bazima hatuna kazi kwako. Unangoja tukufe."

Hakuna aliyecheka. Kisha, kutoka nyuma kabisa, bibi mmoja wa Sandoa, ambaye hakuwa na karte ya kwetu wala faili popote, akapiga kigelegele kimoja kirefu.

Pale ndipo Honorabule alipokosea. Angetupa soda, angesema Kambo unanionea, na wote tungemsifu mpaka kaburini. Yeye akavua miwani.

"Nani amekutuma?" akaniuliza. Mimi, siyo Kambo. "Uko wa kandida gani?"

Nikasikia wazee wakivuta pumzi. Tata Stany, mdogo wake babu yangu, akasema kwa sauti: "Anauliza mufu nani amemutuma?"

"Honorabule," Prezida akanong'ona, lakini tulisikia wote, "ni bajukulu. Ni desturi yetu. Cheka kidogo, utoe kintu, tutoke."

"Mimi nitukanwe pa biti yangu? Mbele ya kamera yangu?" Akageukia vijana wake. "Pakia. Pakia byote. Na turubai."

Nilidhani kuna mtu atamzuia. Vijana walisitasita, kisha wakaanza kwenye safu ya nyuma. Watu waliinuka mmoja mmoja, kama kanisani, viti vikitolewa chini yao. Kijana mmoja alipofika kwa Tata Stany, mzee akamwambia, "Polepole, mutoto. Mifupa yangu haiko ya Honorabule." Turubai likafunguliwa kamba, maji yaliyokuwa yamejikusanya juu yake yakamwagika, na mvua nyembamba ikaanza kuanguka juu ya sanduku la Kambo.

Mama Mbelu alikuja kwangu mkono umeinuliwa. Nilifumba macho. Kofi halikuja. Nilipofumbua, alikuwa anatazama maandishi ya bluu yakipandishwa kwenye pikapu, kiti juu ya kiti, MUTOTO WENU, MUTOTO WENU.

"Alikuambia kweli?" akaniuliza. "Mama alikuambia asililiwe pa bile?"

"Ndiyo, Mama."

Alikuwa amevaa kitenge kipya, cha msiba, sare iliyoshonwa kwa familia nzima. Akakikusanya magotini, akakaa kwenye matope, kando ya sanduku.

"Mama alinizalia chini," akasema. "Nitamulilia chini."

Shangazi wengine wakakaa. Halafu majirani. Mtu akaleta bidoni ya njano, dumu la maji, akaikalia. Wachimbaji wakatandika mifuko yao ya mawe. Kutoka nyumba za jirani vikaja vigoda, vinu vilivyogeuzwa, beseni, benchi la shule yangu ambalo sijui ni nani aliyelifungulia mlango. Hakuna aliyerudi nyumbani. Honorabule aliyaona hayo yote kutoka kwenye dirisha la gari lake, na gari lilichukua muda kutoka kwa sababu watu walikuwa wamekaa njiani na hawakuwa na haraka ya kujipanga upya.

Kijana mmoja alirudi kuchukua sufuria. Zilikuwa motoni, zimejaa maharagwe. Prezida alimzuia. "Hizi ziko moto," akasema. "Haiwezekane kubeba." Hakunitazama. Akaondoka kwa miguu.

Pikapu ilikuwa imekwenda, kwa hiyo sanduku lilibebwa. Gael alishika mbele.

"Na karte yako?" nikamuuliza.

"Achana na karte. Mchawi yako iko muzito, sema bashike nyuma."

Tulipofika lami, malori ya mawe yalikuwa yanashuka kwa mstari. La kwanza likapiga honi, kubwa, ya kututoa njiani. Mama Mbelu alitangulia mbele ya sanduku, akainua kiganja kimoja, bila kugeuza kichwa. Lori likasimama. La nyuma likasimama. Tukapita katikati ya barabara mpaka makaburini, tukiimba, na foleni nzima ya shaba ya watu wakubwa ikatembea nyuma yetu kwa mwendo wa Kambo.

Dimitri alipita kwenye uchaguzi. Avenyu zingine zilikuwa nyingi, na vifo vingi pia. Lakini kwenye mlango wa darasa letu alikuwa wa nne, na watu walikuja kuusoma kama tangazo la harusi. Gael alinyang'anywa karte ya koperative. Sasa anachimba mbali, upande wa Mutshatsha, na anarudi mara chache. Faili langu hakuna anayejua lilipo. Nusu ya majirani walirudi kwa Prezida wiki ile ile kwa mambo yao, mtoto aliyekamatwa, kazi ya kibarua, na siwezi kuwalaumu, maana milango mingine haikufunguka kwa sababu sisi tulikaa kwenye matope.

Tulichofanya ni kidogo. Wanawake wa avenyu waliokuwa na likelemba, kile chama chao cha kuchanga kwa zamu, walikubaliana kila nyumba ilete kiti kimoja. Vikaja vya rangi zote, kimoja cha saluni, kimoja kimeshonwa kwa waya. Mama mmoja akaleta kopo la rangi.

"Tuandike majina," akasema. "Ule hakuleta kiti, asikalie."

Wengi wakaitikia. Nilisimama. Sikuwa na kofia ya Kambo, na sauti ilikuwa ileile yangu ndogo. Ikabidi wanyamaze ili wasikie.

"Mukiandika jina," nikasema, "mi nachukua cha kwetu."

Walibishana mpaka jua likazama. Kopo la rangi likarudi lilikotoka.

Siku moja, kiangazi, Prezida alisimama mlangoni mwa kiwanja chetu, ambako viti vilitunzwa, hakuingia. Stoo yake ilikuwa tupu. Baada ya kuusoma mlango, Honorabule alihamishia kila kitu kwa prezida wa avenyu nyingine. Mama yake alikuwa amefariki asubuhi.

"Nimesikia muko na biti," akaniambia.

"Pole sana, Prezida. Ziko."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa karte yake ya uchaguzi, akaninyooshea kwa mikono miwili. Nadhani hakujua anafanya nini. Tuliitazama wote wawili.

"Rudisha mufukoni, tata," nikamwambia. "Shika hii ya saluni, iko nzito. Mi nitabeba hizi mbili."